Kutoka maabara ya shule hadi kiwanda cha alizeti: uchambuzi wa kisa cha mwalimu aliyetafuta kazi nyingine

Kisa hiki ni cha mwalimu wa sekondari ya serikali mkoani Singida, mwanamke wa miaka 38, mwenye shahada ya sayansi na ualimu, ambaye alikuwa amefundisha Kemia na Baiolojia kwa miaka 12 alipokuja kwangu kuomba ushauri wa kubadilisha kazi. Alikuja akiwa na jibu tayari. Alitaka kusomea rasilimali watu, kwa sababu karibu kila aliyemshirikisha wazo lake alimwambia kwamba mwalimu amezoea watu, na kwamba kazi ya watu ndiyo itakayomfaa. Alikuwa ameshaulizia ada ya chuo. Nilimwomba aahirishe malipo hayo kwa miezi miwili, kwa maana ushauri aliopewa ulitokana na jina la kazi yake na si kazi yenyewe, na majina ya kazi hueleza machache sana kuhusu yale ambayo mtu anaweza kuyafanya mahali pengine.

Swali la kwanza lilikuwa anachokimbia ni nini. Alisema amechoka na ualimu. Nilipomwomba aeleze siku moja iliyomchosha, hakutaja kufundisha hata kidogo. Alitaja marundo ya madaftari ya mikondo mitatu ya kidato cha pili, kila mkondo una wanafunzi zaidi ya 70, na alitaja kwamba kazi anayoifanya vizuri na ile anayoifanya vibaya humletea matokeo yaleyale mwisho wa mwezi. Alipoulizwa siku iliyopita upesi, alitaja siku ya kuandaa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Niliandika majibu hayo mawili juu kabisa ya karatasi, maana ramani ya stadi isiyojua mtu anataka kuacha nini humrudisha palepale kwa jina jipya.

Kisha nilimpa kazi ya kuandika shajara ya siku 10 za kazi, kila nusu saa aandike alichokifanya, bila kukipamba. Alileta saa 92. Vipindi vyake vilikuwa 24 kwa wiki vya dakika 40, yaani saa 16 kwa wiki na saa 32 kwa wiki mbili. Kusahihisha kulichukua saa 21, ofisi ya taaluma ambako alikuwa msaidizi ilichukua saa 12, maabara saa 11, maandalio ya masomo saa 9, na zamu pamoja na kuzungumza na wazazi saa 7. Alizitazama hesabu hizo kwa muda. Kwa miaka 12 alikuwa akijieleza kwa kitu kimoja, kusimama mbele ya darasa, ilhali kitu hicho kilikuwa kama theluthi moja tu ya kazi yake, na theluthi mbili zilizobaki hazikuwamo katika wasifu wake wa kuombea kazi hata kwa mstari mmoja.

Wasifu ule ulikuwa na maneno ambayo nimeyaona katika wasifu wa walimu wengi: mawasiliano mazuri, uvumilivu, uongozi, kufanya kazi kwa bidii. Tuliyafuta yote. Si kwamba ni uongo, ila hayawezi kulinganishwa na tangazo lolote la kazi, na mwajiri hana namna ya kuyapima. Badala yake kila kipande cha shajara kiliandikwa upya kwa mtindo mmoja: alifanya nini, juu ya kitu gani, kwa kiasi gani, katika masharti gani, na ushahidi uko wapi. Kazi hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Chukua saa zile 11 za maabara. Maelezo yake ya kwanza yalikuwa «naandaa vitendo». Nilimwomba anieleze kama vile mimi ndiye nitakayeandaa kesho. Ikaonekana kwamba kwa mtihani wa vitendo wa watahiniwa 120, akikadiria mililita 150 za asidi kwa kila mmoja pamoja na akiba, anahitaji lita 18 za asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M. Asidi kali ya dukani, yenye nguvu ya asilimia 36 hivi, humtaka achukue takriban mililita 8.6 kwa kila lita moja ya myeyusho, yaani kama mililita 155 kwa lita zote 18. Na huimimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Baada ya hapo haamini chupa, kwa sababu asidi iliyokaa stoo huweza kupungua nguvu, hivyo huupima myeyusho kwa myeyusho wa sodiamu kaboneti alioupima kwa mizani, akitumia methaili oranji, kabla ya kuruhusu mtahiniwa yeyote kuugusa. Yote hayo huyafanya kwa siku chache, akiwa na mtaalamu wa maabara mmoja au asiwe naye kabisa, na kosa lake moja lingeharibu majibu ya chumba kizima.

Kile alichokiita kuandaa vitendo kilikuwa ni kukadiria mahitaji ya kemikali, kutengeneza na kuhakiki miyeyusho kwa kipimo, kusimamia usalama wa watu 120 wasio wataalamu mbele ya asidi, na kutunza daftari la stoo. Ushahidi ulikuwepo: daftari lenyewe la stoo, kwa mwandiko wake, la miaka sita.

Ofisi ya taaluma nayo ilitoa sentensi moja iliyonipendeza sana. Alikuwa akijumlisha matokeo ya wanafunzi 640 katika lahajedwali, na muhula mmoja wastani wa mkondo mmoja wa Baiolojia uliporomoka ghafla. Wengine walianza kumtazama mwalimu wa somo. Yeye alirudi kwenye safu za alama akakuta wanafunzi waliokuwa wagonjwa siku ya mtihani wameandikiwa sifuri badala ya kuachiwa nafasi tupu, na sifuri hizo zikauvuta wastani chini. Alizirekebisha, akaandika mwongozo wa nusu ukurasa kuhusu namna ya kuingiza alama za asiyefanya mtihani. Katika maelezo yake ya awali tukio hili halikuwemo, kwa kuwa aliliona kama kusaidia ofisi. Mtu anayekagua takwimu kwa kuzishuku kabla ya kumshuku mtu ana stadi inayolipwa.

Tulipomaliza tulikuwa na sentensi 23. Hapo ndipo nilipomwomba azipunguze, kwa sababu baadhi ya stadi za mwalimu husimama kwa nguzo ambazo shule imeziweka, na ukiiondoa nguzo stadi huanguka. Kila sentensi iliulizwa: je, ingefanyika bila mamlaka ya mwalimu juu ya mwanafunzi, bila mtaala uliokwisha pangwa na mtu mwingine, na bila kengele? Kudhibiti darasa la watu 70 kulianguka mara moja. Mtu mzima kazini hanyamazi kwa sababu umeingia. Kufundisha kulibaki, lakini kwa alama ya kuuliza, maana alikuwa hajawahi kumfundisha mtu ambaye angeweza kuinuka na kuondoka. Kuandaa na kuhakiki miyeyusho kulibaki bila alama yoyote. Vivyo hivyo kusahihisha kwa mwongozo wa usahihishaji, yaani kutoa hukumu ileile kwa karatasi ya kwanza na ya mia mbili, ambako kwa lugha ya kazi nyingine ni kukagua kwa kigezo kilichowekwa. Sentensi 14 zilisimama.

Sehemu iliyofuata ilikuwa kukutana na soko. Kwa wiki nne alikusanya matangazo 30 ya kazi, si yale aliyoyatamani tu, bali yoyote ambayo angalau sentensi tatu za ramani yake ziligusana nayo. Kila sharti la tangazo lilipigwa mstari wa rangi: kijani kwa alilo nalo na ushahidi upo, njano kwa alilo nalo bila ushahidi, nyekundu kwa asilo nalo. Matangazo yalijipanga katika makundi manne: rasilimali watu, ufuatiliaji na tathmini ya miradi katika mashirika, udhibiti wa ubora viwandani, na usalama na afya mahali pa kazi.

Katika rangi hizo ndipo tulipoona umbali wa aina mbili, ambao watu huuchanganya. Upo umbali wa kazi, yaani mtu akiwekwa pale Jumatatu ataelewa kwa muda gani. Na upo umbali wa mlango, yaani ni vyeti gani, usajili gani au uzoefu gani utakaotakiwa kabla hajaruhusiwa kuiona hiyo Jumatatu. Rasilimali watu ilikuwa na umbali wa wastani wa kazi, ila mlango ulikuwa mbali sana: karibu kila tangazo lilidai shahada ya fani hiyo, ufahamu wa sheria za kazi na miaka kadhaa ya uzoefu ofisini. Angelipa ada, angesoma, kisha angesimama kwenye foleni moja na vijana wa miaka 24 wenye cheti kilekile. Ufuatiliaji na tathmini ulikuwa karibu zaidi kwa kazi, kutokana na yale ya lahajedwali, lakini nafasi nyingi zilikuwa za mikataba mifupi iliyofungamana na miradi, na yeye ana watoto wawili shuleni. Usalama kazini ulivutia, nao ulihitaji mafunzo yanayotambuliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kabla ya jambo lolote.

Udhibiti wa ubora ulikuja na rangi ambazo hakuzitarajia. Masharti ya vitendo yalikuwa kijani karibu yote: kupima sampuli, kutengeneza miyeyusho, kutunza kumbukumbu, kufundisha wafanyakazi usafi. Nyekundu zilikuwa mbili: ujuzi wa HACCP, yaani mfumo wa kutambua na kudhibiti hatari za usalama wa chakula, na uzoefu wa kiwandani. Mlangoni matangazo yaliandika «shahada ya sayansi ya chakula, kemia au fani inayolingana». Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo nafasi aliyokuwa nayo, na nafasi ya aina hiyo haijazwi na jina la shahada, maana mchujaji akiona neno ualimu huiweka barua kando. Tulitoa nakala ya matokeo yake ya chuo na kuorodhesha katika barua masomo ya kemia aliyoyafanya, kemia ya uchanganuzi likiwa la kwanza. Jambo moja tulilipima kwa uangalifu: kazi zinazoitwa za mkemia zina sheria yake ya mwaka 2016 na usajili wake, hivyo aliomba nafasi za ofisa wa udhibiti wa ubora, wala hakujiita mkemia katika barua yoyote.

Ramani ilikuwa bado ni karatasi. Singida ni mkoa wa alizeti, na mavuno huingia viwandani miezi ileile ambayo shule zina likizo ya katikati ya mwaka. Aliomba, kupitia mzazi wa mwanafunzi wake, kukaa wiki tatu bila malipo katika maabara ya kiwanda cha kati cha kukamua mafuta, mwezi wa Juni. Naziona wiki hizo tatu kuwa na thamani kuliko cheti chochote ambacho angekinunua mwaka huo, na nitaeleza kwa nini.

Kipimo cha kila siku cha kiwanda kile kilikuwa asidi huru ya mafuta, ambayo huonyesha jinsi mbegu au mafuta yalivyoharibika. Hupimwa kwa kuchukua mafuta yaliyopimwa kwa mizani, kuyachanganya na alkoholi ya moto, kuweka finolfthalini, kisha kudondosha sodiamu haidroksidi kutoka kwenye bureti hadi rangi ya waridi hafifu itulie. Hesabu yake, kwa kipimo cha asidi ya oleiki, ni hii:

```
FFA% = (28.2 × V × N) / m
```

FFA% ni asilimia ya asidi huru katika mafuta, V ni mililita za sodiamu haidroksidi, N ni nguvu yake, m ni gramu za mafuta. Bureti ileile, jicho lilelile linalosubiri tone moja. Siku ya kwanza alipima gramu 10 za mafuta kwa haidroksidi ya 0.1, akapata mililita 3.1, ambazo ni asilimia 0.87. Fundi wa maabara alikuwa amepata 0.71 kwa sampuli hiyohiyo. Mwalimu alirudia, akapata 3.1 tena, na kwa mazoea ya shule majibu mawili yanayolingana humaanisha mtu yuko sahihi. Haikuwa hivyo. Alkoholi yenyewe ilikuwa na asidi kidogo, na fundi huisawazisha kwanza kwa finolfthalini na matone ya haidroksidi kabla ya kuweka mafuta, yeye hakuisawazisha. Alipoipima alkoholi peke yake, ilimeza mililita 0.6. Zikitolewa, hubaki 2.5, na jibu huwa asilimia 0.71.

Tulilichambua kosa hilo kwa kirefu, kwa kuwa lilionyesha mpaka wa stadi iliyohamishwa. Mkono wake ulihama wote. Kisichohama kilikuwa imani kwamba kurudia kipimo kunatosha kukithibitisha. Shuleni jibu sahihi linajulikana tangu mwanzo, mwalimu ndiye aliyetengeneza myeyusho; kiwandani hakuna anayelijua, na kosa linalojirudia kila mara kwa kiasi kilekile halionekani kwa kurudia, huonekana kwa kupima kisicho na sampuli. Kuanzia siku hiyo aliandika kipimo tupu katika safu yake mwenyewe ya daftari, safu ambayo daftari la kiwanda halikuwa nayo.

Alama ya kuuliza kuhusu kufundisha watu wazima nayo ilipata jibu lake. Meneja alimwomba awaeleze vibarua wanane wa mapokezi kwa nini mbegu zenye unyevu hukataliwa. Alianza kama kidato cha kwanza, kwa maana ya unyevu, na kabla ya dakika kumi wawili walikuwa wametoka kwenda kupokea lori. Kesho yake alikuja na magunia mawili, moja limekaa wiki mbili na unyevu, akawaomba watie mikono ndani. Gunia lilikuwa na joto. Maswali yaliyofuata yalikuwa yao. Sentensi ya kufundisha ilibaki kwenye ramani, lakini kwa maneno mapya: anaweza kufundisha watu wazima akianza na kitu kilicho mkononi mwao, ushahidi ni mafunzo ya vibarua wanane na karatasi ya maelekezo iliyobandikwa kwenye mizani ya mapokezi.

Upande wa fedha ulihitaji jioni moja nzima, na nasikitika kwamba washauri wengi huuacha. Serikalini alikuwa akikatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa pensheni wa PSSSF na mwajiri akichangia 15. Sekta binafsi, chini ya NSSF, kawaida ni 10 kwa 10. Kwa kila shilingi 1,000,000 za mshahara, mkono wake ungepungukiwa na shilingi 50,000 hata kama mshahara ungebaki vilevile. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15, yangemfuata popote. Alikuwa na miezi 144 ya michango, na sharti la pensheni ni miezi 180, hivyo aliandika maswali yake kuhusu namna miaka hiyo itakavyohesabiwa akienda mfuko mwingine, akaenda nayo ofisi ya mfuko kabla ya kuandika barua yoyote ya kuacha kazi. Kutokana na hesabu hizo aliweka kiwango cha chini cha mshahara ambacho hatashuka, na alikataa nafasi moja kwa sababu hiyo.

Nafasi aliyoichukua ilitangazwa miezi mitano baadaye katika kiwanda kingine cha mafuta. Kwenye usaili aliulizwa afanye nini vipimo viwili vya maabara vikitofautiana. Alieleza habari ya mililita 0.6. Alipewa mkataba wenye kipindi cha majaribio cha miezi sita, akisimamia vipimo na mafunzo ya wafanyakazi wapya, na kiwanda kikamlipia mafunzo ya HACCP, ile nyekundu ambayo nusura ailipie mwenyewe.

Mwezi wa tatu alinipigia simu. «Kaka, ramani yetu ilikosa kitu,» alisema. Alikuwa amekataa lori la tani 10 kwa sababu ya unyevu, na mwenye mzigo, mzee aliyetoka mbali na mbegu zake, alikaa ofisini kwake saa nzima akibembeleza, kisha akikasirika, kisha akinyamaza. Hakuna kipimo kilichomfundisha namna ya kuketi na mtu huyo. Nilimuuliza alifanya nini. Alisema alimpeleka maabara, akapima tena mbele yake, akamwacha asome mwenyewe namba kwenye mashine, kisha akamwonyesha uwanja wa kuanikia na gharama yake kwa siku. Mzee aliushusha mzigo kuuanika.

Nilifungua karatasi yake ya zamani nikatafuta saa zile 7 za zamu na wazazi, ambazo sote wawili tulikuwa tumezipita haraka. Miaka 12 alikuwa akiketi na wazazi waliokuja na matumaini na kuondoka na alama za mtoto, akiwafungulia karatasi ya mtihani wasome wenyewe kabla ya kuzungumzia nini kifanyike. Tuliiandika pale pale kwenye simu, sentensi ya 15: humweleza mtu matokeo asiyoyataka kwa kumwonyesha kipimo chenyewe na hatua inayofuata. Mahali pa ushahidi aliniambia niandike namba ya hati ya mapokezi ya lori lile.